Somo: Kupanga tarehe za hisa na marejesho, na ukumbusho unaofika fedha ikiwa bado mkononi

Somo hili ni la makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa vinavyokutana kila wiki, hasa vile vyenye wanachama wa dagaa: Kayenze, Igombe, Ukerewe na wachuuzi wa Mwaloni Kirumba. Utahitaji simu yenye Google Sheets na salio la SMS.

Upande wa hisa hauna kazi kubwa. Siku ni ileile kila wiki, kwa hiyo weka tukio moja la kujirudia kwenye kalenda ya simu, likukumbushe siku moja kabla, kisha utume ujumbe mmoja kwenye kundi. Kazi iko kwenye marejesho.

Kwanza, chagua tarehe ya rejesho vizuri

Ukumbusho hauokoi tarehe iliyopangwa vibaya. Vikundi vingi huandika "kila baada ya mwezi mmoja". Mkopo uliotolewa mkutanoni Alhamisi 8 Januari 2026 utadaiwa tarehe 8 Februari na 8 Machi, zote Jumapili, kisha 8 Aprili, Jumatano. Sanduku limefungwa, wenye funguo hawapo, na mtu aliyeleta fedha anarudi nayo nyumbani. Hesabu siku 28 na rejesho litaangukia siku ya mkutano kila mara.

Hata hivyo, siku 28 peke yake haitoshi kwa watu wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuwavuta na taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti. Mitumbwi hupumzika, fedha hukauka kuanzia kwa mvuvi hadi kwa mama anayeanika. Mkopo wetu wa 8 Januari ukianza kulipwa baada ya siku 28, marejesho yake matatu ni 5 Februari, 5 Machi na 2 Aprili. Mwezi unakuwa mpevu usiku wa kuamkia 2 Februari, tarehe 3 Machi na 2 Aprili. Yaani mara zote tatu unamdai mtu ambaye mtumbwi wake uko nchi kavu.

Dawa yake ni kusogeza rejesho la kwanza tu. Lianze baada ya siku 42, kisha fuata 28. Unapata 19 Februari, 19 Machi na 16 Aprili, zote Alhamisi na zote katikati ya giza. Lakini mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo kila rejesho linarudi nyuma siku moja na nusu. Kwa marejesho matatu haina neno. Kwa mkopo wa marejesho kumi na mawili utajikuta tena kwenye mbalamwezi, hivyo karibu na rejesho la tano ongeza wiki moja kwa hilo na yote yanayofuata, na katiba ya kikundi iruhusu hilo mapema.

Pili, jedwali

Tumia mstari mmoja kwa kila rejesho, si kwa kila mkopaji. Safu A ni jina, B namba ya rejesho (1, 2, 3), C tarehe mkopo ulipotolewa, D siku hadi rejesho la kwanza (42, au 28 kwa asiye wa dagaa). E ni tarehe ya rejesho, F na G tarehe za ukumbusho, H kiasi, I "amelipa", J jina la siku. Kwenye mstari wa pili andika:

```
E2: =C2+D2+28*(B2-1)
F2: =E2-7
G2: =E2-2
J2: =TEXT(E2,"ddd")
```

Kisha nakili fomula hizi na uzibandike kwenye mistari ya chini, safu zilezile. Safu J ndiyo mlinzi wako. Kwa kikundi cha Alhamisi, ikisoma kitu kingine badala ya Thu, usiendelee. Sababu ya kawaida ni mpangilio wa tarehe wa Kimarekani: umeandika 8/1/2026, Sheets imeelewa tarehe 1 Agosti. Kwenye simu gusa nukta tatu za juu, kisha Settings, weka Locale iwe United Kingdom, Time zone iwe ya Afrika Mashariki, halafu andika tarehe upya, maana zile za mwanzo hazijirekebishi.

Kwenye ukurasa wa pili, weka orodha ya kukumbushwa leo (hapa ukurasa wa kwanza unaitwa Mikopo):

```
=FILTER(Mikopo!A2:H200,(Mikopo!I2:I200="")*((Mikopo!F2:F200=TODAY())+(Mikopo!G2:G200=TODAY())))
```

Ikionyesha `#N/A`, maana yake leo hakuna wa kukumbushwa.

Tatu, kutuma

Siku saba kabla ya rejesho ni mkutano uliotangulia, kwa hiyo ukumbusho wa kwanza hauna gharama: mpe mtu karatasi yenye tarehe na kiasi mkononi. Wa pili, Jumanne, ni SMS:

"Habari Bi. Ng'washi. Rejesho la 1 kati ya 3, Sh 105,000, ni Alhamisi 19/2 mkutanoni saa 9 alasiri. Usipofika tuma kabla ya saa 6 mchana. Katibu"

(Huo ni mkopo wa 300,000 na riba ya 5% iliyotozwa mara moja.) Unaingia ndani ya herufi 160 za SMS moja. Angalia alama ya ng': simu zingine huweka ile iliyopinda, na hapo kikomo kinashuka hadi herufi 70, ujumbe mmoja unakatwa kama tatu. Emoji nayo hivyohivyo.

Kwenye Google Messages, bonyeza kitufe cha kutuma bila kuachia, utapewa nafasi ya kuchagua saa. Simu husoma saa ya kizungu: saa tano asubuhi ni 11:00 AM. Ukiweka 5:00 AM utamwamsha mtu saa kumi na moja alfajiri, au utamkosa kabisa akiwa bado ziwani. Saa tano asubuhi ndiyo nzuri, mzigo umeshauzwa. Usipange ujumbe zaidi ya jioni moja kabla, maana aliyelipa mapema ataupata pia, na huyo hukasirika kwa haki.

Maswali ya wanachama

*Katibu, mume wangu ndiye anashika simu. Sitaki asome deni langu.*
Dada, mwambie katibu akuandikie tu "Usisahau mkutano Alhamisi". Kiasi kiwe kwenye ile karatasi ya wiki iliyotangulia. Kwa sababu hiyohiyo, madeni ya mtu hayatumwi kwenye kundi la WhatsApp.

*Idi ikiangukia siku ya mkutano tunafanyaje?*
Mwaka 2026 Idi el-Fitri iko karibu na 20 Machi kutegemea mwandamo, kwa hiyo rejesho la 19 linaweza kusumbua. Andika tarehe mpya juu ya E ya mstari huo tu. Ukumbusho utahama wenyewe, na rejesho la tatu halitaguswa kwa kuwa kila mstari unahesabu kutoka tarehe ya mkopo.

*Mimi nauza mbogamboga, mnanipa siku 42 za nini?*
Huzihitaji, mama. Kwako D iwe 28.

*Nimelipa Jumatatu, Jumanne nikakumbushwa. Kwa nini?*
Mweka hazina hakujaza safu I. Ajaze palepale anapopokea, na katibu afungue orodha baada ya hapo, si kabla.