Jinsi ya kuomba ruhusa ya kutoka kikaoni kabla hakijafungwa

Mimi ni katibu wa vikao. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu, kwa hiyo nawaona watu wakitoka mapema kila mara, na najua ni nani akitoka atanisumbua wakati wa kuandika. Kinachosumbua ni mjumbe kutoweka bila mwenyekiti kujua ameenda wapi, kama atarudi, na kama bado ahesabiwe kwenye akidi. Ujumbe wa sentensi chache humaliza yote hayo.

Nitatumia mfano mmoja. Kamati ina wajumbe 11 na akidi yake ni 6. Kikao kinaanza saa 3:00 asubuhi na kinatarajiwa kuisha saa 7:00 mchana. Mweka hazina anapaswa kumpeleka mtoto kliniki, miadi ni saa 6:15, kwa hiyo lazima aondoke saa 5:30.

Hatua ya 1: Soma ajenda kabla hujaandika chochote

Tafuta mambo mawili: kipengele kinachokuhusu wewe kiko wapi, na kipengele cha kupigiwa kura kiko wapi. Mweka hazina wetu anakuta taarifa ya fedha ni ajenda ya 6, na kura ya kupitisha bajeti ni ajenda ya 7. Kwa mwendo wa kamati nyingi, saa 5:30 itawakuta bado wako ajenda ya 4, maana yatokanayo na kikao kilichopita hula muda kuliko mtu yeyote anavyokadiria. Akinyamaza, taarifa itakosa wa kuisoma.

Hatua ya 2: Mwandikie mwenyekiti siku moja kabla

Mwandikie yeye mwenyewe, na nakala kwa katibu. Usiandike kwenye kundi la wajumbe wote. Huko ombi lako litageuka mjadala, na wengine wawili watakumbuka kwamba nao wana safari. Ujumbe wenyewe uwe hivi:

> Ndugu Mwenyekiti, kikao cha kesho nitahudhuria, ila naomba ruhusa ya kutoka saa 5:30 kwani nampeleka mtoto kliniki na miadi ni saa 6:15. Taarifa ya fedha iko ajenda ya 6. Ukiona inafaa, naomba isogezwe ije mara baada ya yatokanayo. Nikishatoka, maswali yatakayobaki atayajibu mweka hazina msaidizi, nimeshampa nakala. Ahsante.

Angalia kilichomo: saa kamili, sababu kwa maneno machache, na kazi yako itashikwa na nani. Cha tatu ndicho watu husahau, na kwa mwenyekiti ndicho kizito. Sababu yako haimpunguzii kazi. Kujua nani atajibu maswali kunampunguzia.

Kuhusu sababu, taja aina yake na uishie hapo. "Sababu za kiafya" inatosha, huna haja ya kutaja ugonjwa. Ila "nina dharura" usiiandike kwa jambo ulilolijua tangu juzi, kwa sababu dharura haipangiwi miadi, na mwenyekiti aliyezoea kazi yake atalishtukia neno hilo. Na kama sababu ni kikao kingine, sema ni kikao kingine. Ukisingizia msiba utaulizwa habari za mazishi.

Hatua ya 3: Hakikisha ajenda inabadilishwa wakati wake

Mpangilio wa ajenda hubadilishwa mwanzoni, pale mwenyekiti anapowauliza wajumbe kama wanaithibitisha. Ukikaa kimya hapo, baadaye utakuwa unakatiza hoja ya mtu. Mwenyekiti akisahau, nyoosha mkono umkumbushe: "Mwenyekiti, kuna ombi langu kuhusu ajenda ya 6." Katika mfano wetu, wajumbe wanakubali taarifa ya fedha iwe ya 3.

Hapo kuna jambo ambalo mweka hazina hakulifikiria. Waliofika ni 7, na mmoja wao ameshaaga kwamba atatoka saa 6:00. Mweka hazina akitoka wanabaki 6, akidi ipo. Saa 6:00 wanabaki 5, haipo tena. Katiba nyingine hutaka akidi iwepo tangu mwanzo hadi mwisho, nyingine huridhika ikiwepo wakati wa kufungua tu; isome ya kwenu. Kama ni ya aina ya kwanza, bajeti itakayopitishwa na watu 5 inaweza kupingwa na mjumbe yeyote. Kwa kuwa maombi yote mawili yalifika mapema, mwenyekiti anaisogeza na kura ya bajeti ifuate papo hapo baada ya taarifa ya fedha.

Hatua ya 4: Kaa karibu na mlango

Vitu vyako viwe vimekusanywa kabla ya saa yako. Kufunga zipu ya begi wakati mtu anachangia kunasikika chumba kizima.

Hatua ya 5: Toka

Dakika tano kabla, pitisha kikaratasi kwa katibu amfikishie mwenyekiti:

> Mwenyekiti, naomba kutoka 5:30 kama nilivyokuarifu jana. Sitarudi. Maoni yangu ya ajenda ya 5 yako kwa katibu.

"Sitarudi" ni neno dogo lenye kazi kubwa, kwani bila hilo tutakungoja tukidhani uko msalani. Subiri mwenyekiti aitikie kwa kichwa, kisha nyanyuka pale msemaji anapomaliza. Akikutaja, sema kwa sauti: "Mwenyekiti, nashukuru kwa ruhusa. Ndugu wajumbe, samahani, nawatakia kikao chema." Ishia hapo. Anayesimama kueleza foleni za kliniki anatumia dakika alizoziomba.

Ikiwa kura inapigwa, ngoja ihesabiwe kwanza. Ukitoka katikati, hesabu ya kura na ya waliomo ukumbini hazitalingana. Na elewa kwamba unaweza kuacha maoni, lakini kura huachi, isipokuwa katiba yenu inaruhusu kupiga kura kwa niaba. Maoni yaliyoandikwa husomwa kama mchango tu.

Kwenye kikao cha mtandaoni, kikaratasi kinakuwa ujumbe wa faragha. Kabla ya kutuma, tazama jina la anayepelekewa. Mara nyingi huwa limewekwa wote, na sababu zako za kiafya zitasomwa na kila mtu.

Dharura ya kweli ikizuka

Simu imeita, kuna aliyelazwa. Hapo usitafute karatasi. Nyoosha mkono, sema "Mwenyekiti, nimepata dharura ya kifamilia, naomba niondoke," nenda. Maelezo yataandikwa jioni.

Kutoka kwa sababu ya mgongano wa masilahi ni jambo jingine kabisa. Kama ajenda inamjadili ndugu yako aliyeomba zabuni, usijifiche nyuma ya miadi ya kliniki. Tamka wazi kwamba una masilahi, toka, kisha urudi kipengele kikiisha. Kumbukumbu huandikwa tofauti, na ukaguzi ukija, tofauti hiyo ndiyo itakayotafutwa.

Hatua ya 6: Zipitie kumbukumbu

Rasimu ikitoka, tafuta mstari wako. Unapaswa kusomeka takriban hivi: "Mweka hazina aliondoka saa 5:32 kwa ruhusa ya mwenyekiti, baada ya kupitishwa kwa ajenda ya 4." Ukikosekana, utaonekana ulikuwepo kwenye maamuzi yote yaliyofuata, hata yale ambayo ungeyapinga. Mwandikie katibu asahihishe kabla kumbukumbu hazijathibitishwa na kutiwa saini.