Kodi ya zuio kwa malipo ya wasambazaji: jinsi ninavyoipanga mwezi mzima, Nakuru

Nafanya hesabu za kampuni ndogo ndogo hapa Nakuru, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi si la kiwango cha kodi. Ni la tarehe. Mhasibu anakata pesa za kodi kwenye malipo ya msambazaji vizuri, anaandika daftarini, kisha anaziacha zikae hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Utaratibu huo ulikwisha Julai 2023. Tangu wakati huo kodi ya zuio inapaswa kufika KRA ndani ya siku 5 za kazi baada ya siku uliyoikata. Kwa hiyo ratiba yako ya mwezi haianzi na tarehe ya KRA, inaanza na siku unayolipa watu.

Nitatumia mfano wa kinu cha kusaga mahindi kilichoko Industrial Area. Ni kampuni binafsi, na mwezi ni Aprili 2025. Nimeuchagua mwezi huo makusudi kwa sababu ya Pasaka na Leba Dei.

Hatua ya 1: Amua siku mbili tu za kulipa

Ukilipa msambazaji kila anapopiga simu, utakuwa na tarehe za mwisho kumi na tano kwa mwezi na lazima moja itakuponyoka. Kinu hiki hulipa tarehe 15 na siku ya mwisho ya mwezi, basi. Anayekuja tarehe 17 na ankara yake husubiri. Watanung'unika mwezi wa kwanza, wa pili watazoea.

Hatua ya 2: Tenga ankara za kukatwa na zisizokatwa

Mahindi, magunia, dizeli na vipuri havikatwi kodi ya zuio vikinunuliwa na kampuni binafsi kutoka kwa muuzaji wa hapa nchini. Hizo ni bidhaa. (Ukiiuzia serikali ya kaunti unga wako, hapo mambo ni tofauti: tangu mwisho wa Desemba 2024 taasisi za umma hukata asilimia 0.5 kwa bidhaa wanazonunua. Usishtuke ukilipwa pungufu, dai cheti chako.)

Zinazokatwa ni huduma. Kwa mkaazi wa Kenya, ada za kitaalamu kama za wakili, mkaguzi wa hesabu au mshauri hukatwa asilimia 5, na mafunzo vilevile. Matangazo na huduma za kutafutia bidhaa soko pia ni asilimia 5. Kazi ya ujenzi na uhandisi hukatwa asilimia 3. Kwa asiye mkaazi, ada za kitaalamu na za mafunzo hupanda hadi asilimia 20, ila raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukatwa asilimia 15 kwa ada za ushauri.

Kodi ya nyumba huwachanganya wengi. Kiwango chake ni asilimia 7.5 kwa mkaazi, lakini anayekata ni yule tu aliyeteuliwa na KRA kuwa wakala wa kazi hiyo. Kama huna barua ya uteuzi, mlipe mwenye jengo pesa zake zote.

Hatua ya 3: Hesabu kwenye kiasi kabla ya VAT

Tarehe 15 Aprili kinu kilikuwa na ankara mbili za kukatwa. Wakili alidai 120,000 na VAT ya 19,200, jumla 139,200. Kodi ya zuio ni asilimia 5 ya 120,000, yaani 6,000. Anapokea 133,200. Mhasibu aliyekuwepo kabla alikuwa akikata kwenye jumla yote, na kwa ankara kama hii angemkata wakili 6,960. Hizo 960 za ziada ni kodi juu ya kodi, na wakili wa Nakuru hawezi kunyamazia jambo hilo.

Ya pili ilikuwa ya mwanakandarasi anayejenga ghala: 850,000 na VAT ya 136,000, jumla 986,000. Asilimia 3 ya 850,000 ni 25,500, kwa hiyo anapokea 960,500.

Siku hiyohiyo wakili aliomba akatwe deni la unga aliochukua kwa mkopo, 40,000, ili apewe hundi ya 93,200. Hilo ni sawa, lakini kodi inabaki 6,000 ileile. Kufidiana madeni ni malipo. Hukumlipa 93,200, umemlipa ankara nzima kwa njia mbili.

Kuna pia msambazaji anayesema, "Mimi nataka 120,000 mkononi, mambo ya KRA ni yenu." Ukikubali, gawanya kwa 0.95: ada inakuwa 126,315.79 na kodi 6,315.79, na ankara iandikwe upya hivyo kwenye eTIMS. Usimlipe 120,000 kamili kisha ukatoa asilimia 5 juu yake mfukoni mwako. Hesabu haitakubaliana na ankara.

Hatua ya 4: Jumlisha malipo ya mwezi kwa kila mtu

Kwa mkaazi, ada za kitaalamu, mafunzo na kazi ya ujenzi hukatwa kodi pale jumla ya mwezi inapofika 24,000 au zaidi. Neno la kuangalia hapo ni jumla. Kinu kilimwita mkufunzi kutoka Njoro kufundisha wafanyakazi usalama wa mitambo. Tarehe 15 alilipwa 15,000 bila kukatwa, na hapo hapakuwa na kosa. Tarehe 30 akaleta ankara nyingine ya 18,000. Ukizitazama moja moja, zote ziko chini ya 24,000. Pamoja ni 33,000, na kodi yake ni 1,650. Ikakatwa yote kwenye malipo ya pili, akapokea 16,350.

Alikasirika, na mimi ningekasirika pia. Siku hizi namuuliza kila mkufunzi na fundi mapema: "Bosi, mwezi huu unarudi tena?" Akisema ndiyo, tunakubaliana tangu ankara ya kwanza na hakuna anayeshtukizwa.

Kiwango hicho cha 24,000 hakimhusu asiye mkaazi. Tarehe 30 hiyohiyo alilipwa mshauri kutoka Jinja, raia wa Uganda, aliyekuja kupanga upya mpangilio wa mashine: 200,000, kodi asilimia 15, yaani 30,000. Hata kama angedai 10,000 tu, angekatwa.

Hatua ya 5: Weka tarehe ya mwisho kwenye jedwali

Natumia Excel ya kawaida. Safu A ni siku ya malipo, C ni kiasi cha kukatia kodi kabla ya VAT, kwa mkufunzi wa Njoro tarehe 30 ni 33,000, D ni kiwango, E ni jumla ya ankara. F ni kodi, G ni anachopokea mtu, na H ni siku ya mwisho. Sikukuu za mwaka naziandika kwenye safu K, tarehe kwa tarehe.

```
F2: =ROUND(C2*D2,2)
G2: =E2-F2
H2: =WORKDAY(A2,5,$K$2:$K$20)
```

Ile ya tatu huruka Jumamosi, Jumapili na sikukuu ulizoziorodhesha. Kwa malipo ya Jumanne tarehe 15 Aprili, Jumatano na Alhamisi ni siku mbili. Ijumaa Kuu tarehe 18 na Jumatatu ya Pasaka tarehe 21 hazihesabiwi. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ya wiki hiyo zinakamilisha tano, kwa hiyo mwisho ni tarehe 24 Aprili. Kwa malipo ya Jumatano tarehe 30, Leba Dei inarukwa, tunaanza kuhesabu Ijumaa tarehe 2 Mei na kumaliza Alhamisi tarehe 8.

Ukisahau kuandika sikukuu, Excel itakupa tarehe ya mapema kuliko halisi, jambo lisilo na madhara. Hatari ni sikukuu uliyoiandika kumbe haipo. Ndiyo maana siku za Idi siziandiki mpaka zitangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali.

Tarehe hiyo ya safu H naiona kama ukuta, si kama siku ya kazi. Kodi yenyewe nailipa kesho yake baada ya kulipa watu, wakati pesa bado ziko benki. Pesa za KRA zikikaa wiki nzima kwenye akaunti ya kinu msimu wa mavuno, zitanunua mahindi.

Hatua ya 6: Sajili na ulipe

Kabla ya kuingia iTax, pitisha PIN ya kila msambazaji kwenye `PIN Checker` na ulinganishe jina na lililo kwenye ankara. Herufi moja ikikosewa, kodi ya mtu mmoja inakwenda kwa mwingine, na kuirudisha ni safari ndefu ya barua.

Kisha ingia kwa PIN ya kampuni, nenda `Payments`, halafu `Payment Registration`, na uchague kodi ya mapato upande wa zuio. Utajaza kila malipo: aina ya huduma, mkaazi au la, siku ya malipo, PIN, kiasi na kiwango. Siku ya malipo iwe ile ya hundi au ya kutuma pesa, si tarehe ya ankara. Ukikosea hapo, mfumo unaweza kuona umechelewa wakati hujachelewa.

Mwisho utapata namba ya malipo, PRN. Kwa mzunguko wa kwanza wa Aprili PRN ilikuwa ya 31,500, na wa pili 31,650. Lipa kiasi hichohicho hadi senti.

Kama kinu kingengoja hadi tarehe 20 Mei kwa ile 31,500, kingetozwa faini ya asilimia 5, yaani 1,575, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi au sehemu ya mwezi, 315. Jumla 1,890, na hiyo si gharama ya msambazaji. Ni yako. Hata usipokata kabisa, KRA haimfuati wakili, inakufuata wewe uliyelipa.

Hatua ya 7: Funga mwezi kwa vyeti

Malipo yakiingia, mfumo hutoa cheti kwa kila aliyekatwa na kumtumia kwa barua pepe. Mimi hulinganisha vitu vitatu: safu F ya jedwali, akaunti ya kodi ya zuio kwenye vitabu, na orodha ya vyeti. Kwa Aprili vyote vitatu vinapaswa kusoma 63,150, na baada ya tarehe 8 Mei akaunti iwe sifuri.

Isiposoma sifuri, tazama kwanza wale waliolipwa mara mbili kwa mwezi. Mara nyingi tofauti imejificha kwao: malipo ya kwanza hayakukatwa kwa sababu yalikuwa madogo, na ya pili yakakatwa peke yake. Kwa mkufunzi wa Njoro ungeona 900 badala ya 1,650. Hizo 750 zilizobaki zikatwe kwenye ankara yake ijayo, lakini KRA zipelekwe leo.