Jinsi ya kumsaili mwombaji wa kazi ya kaunta na kumpa alama: mwongozo kwa sacco na maduka ya Kisumu

Mwongozo huu ni wa yule anayeajiri mtu wa kukaa mbele ya wateja, awe keshia wa sacco, karani wa mapokezi au muuzaji dukani. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: sacco ndogo ya Kisumu inayotafuta karani wa kaunta. Wanachama wake ni wachuuzi wa Kibuye, waendesha bodaboda wa Kondele na wauza samaki wa Dunga. Malalamiko yanayoletwa pale kaunta karibu yote yanahusu pesa: nimetuma kwa M-Pesa lakini haijaingia kwenye akaunti, mkopo wangu umechelewa, nimekatwa ada nisiyoielewa.

Hatua ya kwanza: kusanya visa kabla ya kuandika maswali

Kaa na makarani waliopo uwaulize mambo mawili tu. Ni siku gani mmoja wenu alimhudumia mwanachama vizuri hata kisa kikabaki midomoni mwa watu? Na ni siku gani mambo yaliharibika? Andika visa hivyo jinsi vilivyotokea. Katika sacco yetu ya mfano, visa vilivyotofautisha karani mzuri na dhaifu vilikuwa vya aina tatu: kumtuliza mwanachama mwenye hasira bila kuvunja utaratibu, kuwa mkweli hesabu ya jioni isipolingana, na kumweleza mtu jambo gumu kwa lugha anayoielewa. Hizo tatu zinatosha. Usaili wa dakika 40 hauwezi kupima sifa nane. Ukijaribu, kila moja utaigusa juu juu.

Hatua ya pili: andika swali linalodai kisa kilichotokea

Swali la kwanza la sacco yetu liliandikwa hivi: "Tueleze kuhusu siku moja ambapo mteja alikujia na hasira mbele ya watu wengine. Anza na kilichomleta."

Halimwulizi mwombaji kama ana subira, kwa kuwa hakuna atakayesema hana. Wala halimwulizi angefanya nini. Swali la "ungefanya nini" lina nafasi yake, hasa kwa asiyewahi kuajiriwa, lakini linapima kama mtu anajua jibu sahihi. Swali la kisa linatafuta alichofanya siku jibu sahihi lilipokuwa gumu kulitekeleza.

Kijana aliyetoka shuleni juzi asikose nafasi kwa sababu hajawahi kuwa na mwajiri. Mruhusu alete kisa kutoka kibanda cha mamake sokoni, kwenye chama au kanisani alikosimamia michango. Waambie waombaji wote hivyo, kwa maneno yaleyale. Waambie pia kwamba wanaweza kujibu kwa Kiswahili, Kiingereza au Kidholuo ikiwa jopo zima linakielewa. Kazi yenyewe itafanyika kwa lugha hizo.

Hatua ya tatu: tayarisha maswali ya kuchimba

Hapa ndipo usaili mwingi hufa. Jibu la kwanza karibu kila mara ni muhtasari uliopambwa. Mwombaji mmoja aliyewahi kuuza vifaa vya sola alijibu hivi: "Mteja alikuja akiwa mkali sana, lakini nilitulia, nikamhudumia vizuri, akaondoka ameridhika." Jopo lisilochimba lingempa alama nzuri na kusonga mbele. Ila ukitazama, hujasikia hata tendo moja.

Andika maswali ya kuchimba pembeni mwa swali kuu, kila moja na kazi yake. La kutafuta maneno: "Alisema nini hasa, nawe ulimjibu nini?" La kutenganisha alichofanya yeye na kilichofanywa na wenzake: "Hapo wewe mwenyewe ulifanya nini?" La kujua mipaka ya mamlaka yake: "Uamuzi huo ulikuwa wa nani?" La kutazama pembeni: "Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakifanya nini?" Na la mwisho: "Ulijuaje kwamba tatizo limekwisha?"

Mwombaji wetu alipochimbwa, kisa kikafunguka. Mteja alirudisha taa ya sola akisema ameibiwa. Mwombaji alimjibu, "Pole mzee, nipe hiyo taa niione." Akaichomeka kwenye chaja ya dukani, ikawaka, kumbe chaja ya mteja ndiyo iliyokuwa mbovu. Hakuwa na ruhusa ya kubadilisha bidhaa, kwa hiyo alimpigia simu mwenye duka, akakubaliwa kutoa chaja nyingine. Simu ilichukua muda. Alipoulizwa alimwambia nini mzee wakati wa kungoja, alisema hakumwambia kitu. Wateja wawili waliondoka kwenye foleni. Alipoulizwa alijuaje kwamba chaja mpya inafanya kazi, alisema mzee alirudi wiki iliyofuata kununua waya. Yeye hakuwa amefuatilia.

Jihadhari na uchimbaji unaotoa jibu. "Bila shaka ulimwomba msamaha?" si swali; ni mwombaji kupewa mtihani pamoja na majibu yake. Uliza "Ulimwambia nini?" kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde chache humchosha msaili kuliko mwombaji, na wasaili wengi huuvunja mapema mno. Mpe mtu muda wa kukumbuka.

Maswali ya kuchimba si lazima yafuate mpangilio mmoja kwa kila mwombaji, lakini kila mmoja achimbwe kwa kina kilekile. Kosa linalojirudia ni kumchimba sana yule usiyempenda na kumwacha apite yule aliyekuvutia tangu alipoingia mlangoni.

Utamtambuaje aliyekariri kisa? Kisa cha kukariri huwa na mwisho mzuri na katikati tupu. Ukiuliza maneno yenyewe, anarudi kwenye sifa: "mimi ni mtu wa kusikiliza." Aliyekuwepo kweli hukumbuka vitu visivyomsaidia, kama wale wateja wawili walioondoka. Ukiona kisa kimekauka, omba kingine mara moja tu: "Tupe kisa kingine ambacho hakikuisha vizuri." Cha pili kikiwa kitupu pia, toa alama kwa ulichosikia.

Hatua ya nne: andika ngazi za alama kabla ya mwombaji wa kwanza kuketi

Alama ni 1 hadi 5 kwa kila swali. Bila maelezo, 4 ya meneja na 4 ya mjumbe wa bodi ni vitu viwili tofauti. Kwa swali la mteja mwenye hasira, sacco yetu iliandika hivi:

Alama 5: alisikiliza kwanza, alihakikisha ukweli wa lalamiko, alibaki ndani ya mamlaka yake, alimweleza mteja kitakachofanyika na lini, kisha alifuatilia.

Alama 3: alikuwa na adabu, alihakikisha ukweli na tatizo likatatuliwa kwa utaratibu, lakini mteja aliachwa gizani wakati wa kungoja na hakukuwa na ufuatiliaji.

Alama 1: alibishana, alimlaumu mteja au alimsukuma kwa mwingine bila maelezo. Aliyetoa pesa au bidhaa bila ruhusa ili mteja anyamaze naye huangukia hapa, hata kama mteja aliondoka akitabasamu. Kwa sacco hilo ni jambo zito: karani wa namna hiyo atarudisha ada asiyo na idhini ya kurudisha.

Alama 4 ni ya aliyetimiza yote ya 3 na kuongeza moja kati ya maelezo na ufuatiliaji. Alama 2 ni ya mwenye adabu ambaye hakuhakikisha ukweli.

Hatua ya tano: kila msaili atoe alama peke yake

Mwombaji akitoka, hakuna mazungumzo mpaka kila mmoja amalize fomu yake. Andika kwanza alichosema mwombaji, halafu alama. Mkubwa wa jopo akitamka "huyu ni mzuri" kabla ya kalamu kushuka, fomu za wengine hazina maana tena.

Kwa mwombaji wa sola, meneja alitoa 3, karani mkuu 2, mjumbe wa bodi 5. Tofauti ya alama 2 au zaidi haitolewi wastani, inajadiliwa. Kila mmoja asome alichoandika. Karani mkuu alikuwa ameandika "wateja wawili waliondoka", jambo la kweli, lakini kwenye ngazi alama 2 ni ya asiyehakikisha ukweli, na huyu aliipima taa. Mjumbe wa bodi alikuwa ameandika "anajieleza vizuri sana". Hilo si tendo lililo kwenye ngazi. Alipotafuta mahali mwombaji alipomweleza mzee kuhusu muda, hakupaona. Wote watatu wakatua kwenye 3. Nakubaliana nao, ingawa naelewa kwa nini mjumbe alivutiwa: ufasaha hupendeza, na ndiyo maana unahitaji kuzuiwa usipime kila kitu.

Hatua ya sita: jumlisha, lakini weka kizingiti

Jumla ya maswali matatu ni alama 15. Kabla ya usaili, amueni sifa ambayo haiwezi kufidiwa na nyingine. Kwa karani anayeshika pesa, swali la hesabu isiyolingana liwe na kizingiti cha 3. Mwenye 5, 5 na 1 kwenye pesa hapiti, hata akiwa na jumla kubwa kuliko wote. Kizingiti kikiwekwa baada ya kuwaona waombaji, mmekiweka kwa ajili ya mtu fulani.

Hatua ya saba: fomu na mwajiri wa zamani

Hifadhi fomu zote, za waliopita na waliokosa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi, pamoja na wakati wa kuajiri, kwa misingi kama kabila, jinsia, dini, lugha, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya ukimwi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi uko kwa mwajiri. Kwa hiyo maswali kama "umeolewa?" au "kwenu ni wapi?" yasiingie kabisa, hata ya kuchangamsha baraza. Fomu hizo pia ni taarifa za watu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: mjulishe mwombaji kwamba mnaandika na kwa nini, na msizipitishe kwenye kundi la WhatsApp la bodi.

Kisha mpigie mwajiri wa zamani aliyetajwa na mwombaji. Usimwulize kama alikuwa mfanyakazi mzuri. Uliza kuhusu kisa kilekile: "Alitueleza kuhusu mzee aliyerudisha taa ya sola. Unakumbuka ilivyokuwa?" Maelezo yakilingana, alama inabaki. Asipokumbuka, alama pia inabaki. Yakipingana katika jambo lililobeba alama, kwa mfano mwenye duka akisema hakupigiwa simu yoyote, mrudieni mwombaji na kumpa nafasi ya kueleza kabla jopo halijaketi tena kubadilisha alama, na sababu ya badiliko iandikwe kwenye fomu na kutiwa sahihi na wote watatu.