SOMO: Kusoma chati ya hewa na unyevu, na kwa nini koili inatoa maji

Naandika mara moja nipumzike, kila wiki naulizwa "maji ya kiyoyozi yanatoka wapi". Yanatoka kwenye hewa. Chukua chati tuone.

1. Pima joto kavu, kisha joto la kipima chenye utambi mbichi. Mfano wetu, chumba Dar: kavu 30, utambi 25.

2. Chini tafuta 30, panda wima.

3. Tafuta 25 kwenye mstari wa kushoto juu uliopinda (ndio hewa iliyoshiba), shuka na mstari wa mshazari mpaka ukutane na ile wima ya 30. Weka nukta. RH, yaani hewa imejaa maji kiasi gani kwa joto lake, hapo ni kama 67%, na ukienda kulia pembeni unasoma karibu gramu 18 za maji kwa kila kilo ya hewa kavu.

4. Joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo inaanza kutoa maji. HAPA NDIPO NILIPOHARIBU. Toka kwenye nukta nenda kushoto KWA USAWA mpaka mstari wa kushiba, unapata 23. Mimi nilirudi na mshazari nikapata 25, nikamwambia mteja bomba lake la nyuzi 24 litatoa jasho, akanunua insulesheni, na bomba hata bila insulesheni halikutoa tone. Mshazari ni wa utambi, usawa ni wa umande, kwa sababu hewa ikipoa tu haijapoteza maji, gramu ni zilezile 18. Usichanganye!

5. Koili yetu, yale mabomba ya baridi ndani ya kiyoyozi, ina nyuzi 10, chini ya 23, kwa hiyo hewa inayoigusa haiwezi kubeba gramu 18. Inatoka na nyuzi 14 na gramu karibu 10. Zile 8 zimebaki kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya koili, zikadondoka. Kila kilo 100 za hewa, maji lita 0.8 hivi.

MASWALI

— Mkuu kiyoyozi changu hakitoi maji, gesi imeisha?
Hujataja joto wala unyevu. Pima hatua ya 1 kwanza. Kama umande wa chumba uko chini ya joto la koili, hakitoi na ni kizima.

— Kaka samahani, hewa ya kutoka kwenye koili RH inakaribia 100%, sasa imekaukaje?
Swali zuri sana hili. RH inasema imejaa kiasi gani kwa joto lake, haisemi maji ni mangapi. Toka nyuzi 14 nenda kulia kwa usawa mpaka 25, gramu bado 10 lakini RH imeshuka mpaka kama 50%. Chumba kinaivuta hivyo ikishachanganyika.

— Kwa nini itoke 14 na koili ni 10?
Sio hewa yote inagusa mapezi, nyingine inapita katikati na kuchanganyika mbele.

— Mimi niko Nairobi, natumia hiihii?
Hapana dada, hii ni ya usawa wa bahari. Huko mita kama 1,700 presha ya hewa ni ndogo, gramu zitakudanganya, tafuta chati ya mwinuko wenu.

— Utambi wangu unasoma 28 na kavu ni 30, Dodoma kiangazi, kweli?
Utambi umekauka au una chumvi. Badilisha, lowesha kwa maji ya betri yale yasiyo na asidi, upepee feni mpaka namba itulie ndio usome.