"Na" au "kwa" baada ya kitenzi chenye -wa

Ukiandika "Barua iliandikwa kwa katibu", msomaji ataelewa kuwa katibu ndiye aliyepelekewa. Sahihisha hivi: "Barua iliandikwa na katibu kwa kalamu." Ukisita, igeuze sentensi: katibu aliandika barua, basi anastahili "na", kalamu haikuandika yenyewe, ilishikwa tu, basi "kwa". Upepo nao hupata "na", hata kama si mtu: "Paa liliezuliwa na upepo", kwa kuwa upepo uliezua paa bila kushikwa na yeyote. Kipimo hiki hakifai kwenye vitenzi vya -ika, maana havitaji mtenda. Usiseme "Kioo kimevunjika na Juma". Sema "kimevunjwa na Juma", au mwache Juma kabisa.