SOMO: Ufa umetokea juu ya nyumba mlimani. Soma hapa kabla hujashika sururu

Wakuu, kila masika yakikaribia napata swali lile lile: "Kuna ufa shambani juu ya nyumba, nichimbe mtaro wapi?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu.

Tuanzie Mgeta, milima ya Uluguru. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha takriban milimita 100 kwa saa tatu, na maporomoko ya udongo yaliyohesabiwa baadaye yalizidi 1,000. Karibu yote yalikuwa mashambani na kwenye majani. Ya msituni hayakufika hata asilimia moja. Mengi yalikatika kwenye kina cha mita moja hadi moja na nusu. Mizizi mingi ya mahindi na majani haifiki huko, ya miti inafika. Udongo wa mteremko unashikiliwa na msuguano wa chembe zake, na mizizi inaongezea. Maji yakijaa kati ya chembe huzisukuma ziachane, msuguano unapungua huku uzito ukiongezeka. Kwa hiyo kazi yote iliyo hapa chini ni ya kuyahamisha maji.

Hatua ya 1. Panda juu ya nyumba yako, ukague mpaka kileleni. Kukagua uani tu hakutoshi.

Hatua ya 2. Jua unachokiona. Udongo unaotambaa husogea polepole sana, pengine milimita chache kwa mwaka: nguzo za uzio zimeinamia bondeni, mashina ya miti yamepinda karibu na ardhi kisha yakanyooka kwenda juu. Hilo utaishi nalo, ila usijenge ukuta mzito juu yake. Ufa wenye umbo la mwezi mwandamo, upande wa chini ukiwa umeshuka kuliko wa juu, ni jambo jingine: kipande kimeshaanza kuachia. Ukiona na chemchemi mpya chini yake, au mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama, usilale humo mvua ikinyesha.

Hatua ya 3. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, uweke msumari kichwani mwa kila kimoja. Pima kwa tepu kutoka msumari hadi msumari, andika na tarehe. Rudia kila wiki na baada ya kila mvua kubwa. Umbali ukiongezeka haraka kuliko wiki iliyopita, acha kupima, hama.

Hatua ya 4. Ziba ufa kwa udongo wa mfinyanzi, shindilia. Hii haizuii mlima, inazuia maji yasiingie moja kwa moja. Fanya siku kavu tu.

Hatua ya 5. Mtaro. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na nimeshaona shamba likishuka kwa sababu ya mtaro uliochimbwa kwa nia njema. Tumezoea matuta na mitaro ya kontua iliyo sawa kabisa, inayoyasimamisha maji yazame ardhini. Kwa kuhifadhi rutuba ni sawa. Kwenye mteremko wenye ufa ni kuunywesha mlima. Maji yaliyosimama mtaroni yanashuka hadi kwenye mwamba au tabaka gumu, yanakusanyika hapo, na udongo wa juu unateleza.

Mtaro wako uwe wa kupitisha. Uchimbe juu ya ufa, mbali nao kwa mita kadhaa, kwenye ardhi isiyo na dalili yoyote. Upe mwinamo mdogo. Chukua fremu A, yaani miti iliyofungwa kama herufi A huku timazi ikining'inia kutoka kileleni, yenye miguu iliyoachana mita 2, ukate sentimita 1 kwenye mguu mmoja. Mguu mrefu uelekee kule maji yanakokwenda. Timazi ikikaa katikati, umepata mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita 2. Ukizidisha sana, maji yatakimbia na kuchimba korongo. Sakafu ya mtaro ishindiliwe mfinyanzi au itandikwe turubai la nailoni lisilotoboka.

Onyo la kwanza: mtaro lazima uishie kwenye bonde la asili lenye mawe au majani mazito. Ukiishia katikati ya mteremko umehamishia balaa kwa jirani. Onyo la pili: mtaro ulioziba ni mbaya kuliko kutokuwa nao, maana maji ya mteremko mzima yatafurikia sehemu moja. Usafishe kabla ya mvua, si katikati yake.

Hatua ya 6. Usikate kitako cha mlima ili upate uwanja wa jiko au banda. Udongo ule wa chini ndio unaobeba wa juu. Kama umeshakata, usiache genge wima: lilaze, panda majani, elekeza maji ya bati mbali nalo.

MASWALI

Mkulima_Mlimani: Mkuu, mimi nina ufa juu ya nyumba, nichimbe mtaro wapi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mkulima_Mlimani: Nimesoma, ila ni ndefu. Nichimbe chini ya ufa au juu?

Mwandishi: Juu. Sasa urudi ukasome kwa nini, maana ukichimba ulio sawa utanilaumu mimi.

Mama Pichi: Shikamoo. Tulikata miti ya juu miaka minne iliyopita, mvua zote zimepita salama. Mbona mwaka huu ndiyo nyufa?

Mwandishi: Marahaba mama. Umeuliza jambo wengi hawalioni. Mti ukikatwa, mizizi haifi siku hiyo. Inaoza taratibu kwa miaka kadhaa, na nguvu yake inapungua huku miche mipya haijashika. Kipindi hicho cha katikati ndicho kibaya. Visiki vinavyochipua viacheni vichipue, msiving'oe, na mpande miti kati yake tangu sasa. Nyufa zenyewe zipimeni leo.

Tambarare_Tu: Haya ni ya watu wa milimani, sisi wa mjini chini hayatuhusu.

Mwandishi: Waulize wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mjini, wakafa watu zaidi ya 80. Tope hufuata makorongo. Nyumba iliyo kwenye mdomo wa korongo iko hatarini hata kama uwanja wake umenyooka. Mto ukigeuka tope ghafla, au maji yakikatika wakati mvua bado inanyesha, huenda kuna kizuizi juu. Panda pembeni, usikimbie kuufuata mto.

Kijana wa Mbinga: Ngoro zetu za Wamatengo zinashika maji. Ina maana ni hatari?

Mwandishi: Sijasema hivyo, kaka. Ngoro hugawa maji kwenye vishimo vingi vidogo na zimelinda udongo wenu usichukuliwe na mvua kwa vizazi. Nilichosema ni palipo na ufa. Kipande hicho kitoe kwenye kilimo, kwingine endelea.

Vetiva_Oyee: Majani ya vetiva yanamaliza yote haya. Mnajisumbua.

Mwandishi: Vetiva inashika udongo wa juu vizuri sana, hata kingo za mtaro wangu nimeipanda. Poromoko likikatikia mita tano chini litaibeba na vetiva yako.

Mama Pichi: Na mvua tunaipimaje bila kifaa?

Mwandishi: Kopo lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, liweke wazi mbali na miti na bati, kina cha maji upime kwa rula. Milimita za rula ndizo milimita za mvua. Soma kila saa inaponyesha kwa nguvu.

Kijana wa Mbinga: Kopo la rangi la lita nne linafaa?

Mwandishi: Linafaa, mradi kuta zimenyooka na mdomo una upana sawa na kitako. Lifunge kwenye nguzo bila kulitoboa, upepo usiliangushe.