SOMO: Mapaja ya kuku kwenye oveni, ngozi ikauke mpaka ilie mdomoni

Kila wiki inbox naulizwa lilelile: "Kuku wangu anaiva lakini ngozi inakuwa kama mpira, nifanyeje?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia linki.

Ninazungumzia mapaja yenye mfupa na ngozi yake, ya juu na ya chini. Kidari ni somo lingine. Mfano wetu ni vipande 8, jumla kama kilo 1 na robo.

1. Kama wametoka friza, wayeyushe kwenye friji usiku kucha.

2. Wakaushe. Hapa ndipo kuku wengi wanapoharibikia, kwa hiyo soma polepole. Maji yakiwa juu ya ngozi, oveni itayageuza mvuke kwanza, na ngozi iliyo kwenye mvuke inachemka tu, haikauki wala haibadiliki rangi. Futa kila kipande kwa karatasi za jikoni, pande zote, mpaka karatasi itoke kavu. Kisha paka chumvi, vijiko vidogo 2 vya kufuta vya chumvi laini kwa kiasi hiki cha nyama, na kijiko kidogo 1 cha bekingi pauda upande wa ngozi. Wapange kwenye sahani bila kufunika, waweke rafu ya chini kabisa ya friji walale hapo. Asubuhi utaikuta ngozi imekaza na inang'aa kidogo, ukiigusa hainati kidoleni. Huna muda? Hata saa 1 inasaidia, lakini tofauti utaiona.
ANGALIZO: ni bekingi pauda, si magadi. Ukikosea, nyama itakuwa na ladha ya sabuni.

3. Washa oveni nyuzi 220 za Selsiasi; yenye feni, 200. Subiri ipate moto kweli.

4. Paka pilipili manga, paprika na mafuta kidogo sana.

5. Panga juu ya wavu uliowekwa kwenye trei, ngozi juu, vipande visigusane. Usifunike na foili.

6. Dakika 40 hadi 45. Ya chini huwahi, anza kuyaangalia dakika ya 35. Kipimajoto kikisoma 74 nyama ni salama, ila paja lina kano nyingi, na kwenye 80 hadi 85 ndipo zinapolainika na nyama kuachia mfupa. Choma kipimo kwenye mnofu mnene bila kugusa mfupa.

7. Toa, acha dakika 5, usifunike.

MASWALI

Mama Pilau: Asante mwalimu. Mimi nimeweka 180 kwa saa nzima, nyama imeiva vizuri ila ngozi laini. Kwa nini?
— Dada, chini ya ngozi kuna mafuta. Yasipoyeyuka na kutoka, ngozi inabaki nene. Kwa 180 nyama inawahi kuiva kabla ngozi haijakauka. Sasa hivi pandisha 220 dakika 10 za mwisho, lakini simama karibu.

Kijana wa Jiko: Mkuu naweza kuweka nyuzi ngapi?
— Hatua ya 3.

Kijana wa Jiko: Samahani nilipitisha macho tu. Na sosi ya asali je?
— Sukari inaungua upesi kwenye moto huu. Paka dakika 8 za mwisho, na ujue itailainisha ngozi. Ukitaka vyote viwili, weka sosi pembeni.

Bi Kungwi: Nimekata karibu na mfupa nikakuta wekundu, nimerudisha oveni mara mbili. Ni mbichi?
— Swali zuri. Kwa kuku wadogo mifupa haijakomaa, rangi ya uboho hupenya nje wakati wa kupika. Nyama inaweza kuwa imeiva na bado ina wekundu pale. Rangi inadanganya pande zote mbili, kwa hiyo amini kipimajoto. Kama huna, choma mnofu wa ndani na uma: ukiwa mgumu kuachia mfupa, rudisha dakika 5.

Fundi Trei: Mimi nimefuata yote, ngozi haikukauka.
— Wavu ulikuwepo?
Fundi Trei: Hapana, na vipande vilibanana, trei ndogo.
— Basi hukufuata yote. Vilikuwa vinachemka kwenye mafuta na maji yake. Gawa trei 2 na ubadilishane nafasi zake katikati ya muda.

Mama Pilau: Mafuta ya trei nayafanyia nini?
— Chuja, weka friji, kaangia viazi.

Bi Kungwi: Na kilichobaki kesho?
— Kiingie friji ndani ya saa 2. Kupasha, oveni 200 kama dakika 15, ngozi juu, mpaka katikati pawe moto kabisa. Maikrowevu itailainisha ngozi.

Kijana wa Jiko: Ila mwalimu, je, naweza kuosha kuku kwanza?
— Usioshe. Maji yanarusha vijidudu kwenye sinki na meza, joto la oveni ndilo linaloviua. Kama hukubali kabisa, basi osha taratibu, safisha sinki kwa sabuni, kisha rudi hatua ya 2.